Moja ya Umutesi Yenye Kofia

Mtihani wa marudio ulikuwa saa nane mchana, na Kaltumu alikuwa hakaliki. Alizunguka kati ya cherehani za mjomba wake Hamdani, pale Majengo, simu mkononi. Akianguka tena, chuo cha ukunga kimemalizana naye.

Nusu ya muhula alimuuguza mama yake. Mwenzake Umutesi akamwazima daftari. Kaltumu akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa pamoja na lake, programu ya simu ikageuza mwandiko kuwa maandishi, naye akayapanga kwa vichwa. Sasa unaandika neno tu, linajitokeza popote lilipo. Asubuhi alikuwa ametuma yote kwenye kundi la WhatsApp la wanaorudia. Wakamsifu.

Akatafuta "oksitosini", dawa ya kumzuia mzazi asivuje damu. Likatokea mara mbili. Kutoka mwandiko wake: yuniti 10 msulini, ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka. Kutoka kwa Umutesi: yuniti 70, dakika 7.

Yupi kakosea? Akafungua picha. Umutesi alisomea Goma, na moja ya kule huvaa kofia ndefu, ukadhani saba. Saba yao ndiyo hukatwa mstari tumboni. Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Programu haikulijua, kwa kuwa walioifundisha hawakuuliza watu wa ziwa hili wanaandikaje. Lini walituuliza chochote? Na Kaltumu naye hakulinganisha. Aliamini ule mstari mwekundu unaoshika maneno mabovu. Namba mbovu haipigiwi mstari.

"We mutoto, ikala! Unanizungukia ka nzi," alifoka Hamdani.

"Mujomba, nimewapoteza watu. Nimewatumia namba za uongo."

"Donc uwaambie. Ama unangoja wazalishe kwanza?"

Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi, akamwita na Umutesi aje na daftari. Jean-Luc, mcheshi wao, akapiga simu papo hapo. "Ah bon! Mi nimeshameza sabini, niitapike wapi?"

"Itapikie hapa. Kuja na kalamu."

Umutesi alifika amenuna, daftari kwapani. "Moja yangu iko na shida gani? Iko muzuri!"

"Kwako iko muzuri, dada. Kwa simu iko saba."

"Si ubadilishe saba zote ziwe moja?" alisema Jean-Luc akiingia.

"Na saba za kweli je?"

Hapakuwa na njia ya mkato. Umutesi alisoma kila namba daftarini, Kaltumu akarekebisha kwenye simu, Jean-Luc akakwangua karatasi aliyoichapisha. Sura ya manjano ya watoto wachanga, ambayo Kaltumu aliiweka mwisho, haikufikiwa; muda ulikwisha. Akatuma faili jipya, wakakimbilia chuoni.

Swali la kwanza: oksitosini. Nyuma yake Jean-Luc alicheka puani. Kaltumu akaandika 10, moja akiichora fimbo tupu, akikandamiza kalamu.

Swali la pili: manjano. Katika sura ile hakujua ipi ni moja, ipi ni saba; akaanza na kile alichokikumbuka.