Saizi Tatu za Wifi

Wifi yangu, muuguzi, alirudisha sare yake kwa mara ya tatu. Matroni alikuwa amemwambia kwamba akija tena na mabega yaliyoporomoka, atarudishwa nyumbani. Kifua chake ni saizi kumi na mbili, kiuno kumi na nne, nyonga kumi na sita. Msimamizi wa karakana yetu ya ushonaji humkatia kumi na sita yote, kama anavyowafanyia wanawake wote tangu niingie hapa.

"Nyonga zikienea, nguo imeenea," alisema.

"Na mabega, bosi? Nikodishe mtu wa kuyajaza?" wifi akamuuliza.

Nilitandaza patani, karatasi ya kukatia yenye mistari ya saizi zote, juu ya kitambaa kipya. Kutoka kwapani kwenye mstari wa kumi na mbili niliteremka taratibu hadi wa kumi na nne kiunoni, kisha wa kumi na sita nyongani, bila kona. Nikakata mbele. Nilipogeuka kutafuta pini, msimamizi alishakata mgongo, kumi na mbili tupu, juu hadi chini.

"Si mlitaka kumi na mbili?"

Nyuma isingempa wifi hata nafasi ya kukaa, na kitambaa kilikuwa kimeisha. Wifi akakunja ile sare ya zamani.

"Kesho naivaa hii hii," alisema. "Matroni akinifukuza, nitarudi kukaa hapa mezani kwako, bosi, mpaka ujifunze kukata."