Bolti Yenye Rangi ya Mlango

Azzan hasemi neno zito bila watazamaji. Basi aliwangoja wateja watatu wakae foleni na mahindi yao, ndipo akamwambia shemeji yake, Thuraya, kwamba mashine isiposaga kabla ya adhuhuri, ataiuza kwa mtu wa Ilala.

Hiyo mashine ya Kijerumani ndiyo mali pekee aliyoachiwa Thuraya na marehemu mumewe Sadalla, ndugu yake Azzan. Bolti nne zilishika puli yake, gurudumu linalozungushwa na mkanda. Asubuhi ile zilibaki tatu. Thuraya alipekua sakafu yote akapata mende tu.

"Nimekuletea bolti," akasema Azzan ndani ya kanzu yake nzuri, kwa huruma nyingi mno. "Unene uleule."

Kweli, kwa macho zililingana. Lakini ile ya Azzan ilizunguka mara mbili tu tunduni, ikagoma.

"Tia nguvu, shemeji! Leta spana ndefu!"

"Nguvu katie nyumbani kwako," akajibu Thuraya.

Thuraya akaichomoa, akafungua moja ya zile tatu, akazilaza ubavu kwa ubavu kama vitana viwili, meno kwa meno. Mwanzoni yaliumana, halafu yakapishana, mwanga ukapenya. Ya Azzan ilikuwa ya Kiingereza, meno yake, yaani hesi, yameachana zaidi. Angeilazimisha, ingekula hesi za tundu lote.

Akakimbia mtaa wa Gerezani na ile bolti yake mkononi, kwa Tarsis, muuza vyuma chakavu.

"Shikamoo, mzee Tarsis."

"Marahaba, mama. Umeangusha nini tena?"

Tarsis akamtolea bolti ya milimita nane. Nati ya kupimia ikateleza kutoka mwanzo hadi mwisho, meno yakakaa bila kupishana. Thuraya alikuwa anaifunga kwenye upindo wa kanga alipogeuza kichwa cha bolti akasoma alama ya ugumu wa chuma: 5D. Yake ilisema 8G.

"Hii laini, baba. Mkanda ukivuta kwa kishindo, itakatika, puli inirukie."

"Mama, wewe si wa kudanganywa," Tarsis akacheka, akamwaga kopo zima la bolti. "Tafuta mwenyewe."

Akaikuta chini kabisa: unene, urefu, meno, 8G. Na kichwani doa la buluu, rangi ya mlango wa nyumba yake Thuraya, aliyozitia bolti zote nne kwa mkono wake mwezi wa Ramadhani.

"Hii umeipata wapi?"

"Niliuziwa jana jioni. Mzee mmoja mwenye kanzu nzuri na maneno mengi."

Thuraya alikasirika hadi masikio yakamwaka moto. Halafu akacheka njia nzima hadi mashineni kwake Kariakoo.

Bolti ikaingia kwa vidole tu, spana ikaja kukaza mwishoni. Mkanda ukazunguka, unga ukamwagika, na mwadhini wa adhuhuri alikuwa bado hajapanda mnarani. Wateja wakashangilia. Azzan akatafuta kofia yake, ingawa ilikuwa kichwani.

"Usiondoke, shemeji," akasema Thuraya mbele ya wote watatu. "Tarsis anakusalimu. Anauliza zile bolti tatu zilizobaki utampelekea lini."

Kwa mara ya kwanza, Azzan aliwageuzia mgongo watazamaji wake.