Fa Iliyofutwa

Jumanne saa tisa alasiri, mwalimu wa kinanda alikunja kitambaa, akakisukuma chini ya kanyagio lililokuwa likilia, kisha akafungua kabati la nguo ili mtalaka wake apate pa kutokea. Akapiga wimbo wa kwanza. Kufikia ubeti wa pili mwanamume akajitokeza kati ya makoti, umri miaka ishirini na minne, kavaa shati la kuazima, akaketi kwenye kochi na kutabasamu. Wimbo ulipokwisha alirudi kabatini. Mwalimu alisukuma mlango kwa goti, maana bawaba ilikuwa imelegea.

Kila wimbo ulikuwa na mtu wake. Wa pili, ule wa nyumba na maisha ya kila siku, ulimleta akiwa na miaka thelathini na mitatu, kitambi ndiyo kwanza kinaanza, gazeti mkononi. Wa tatu ulimleta wa miaka arobaini na miwili, na sanduku lake, kama alivyokuwa siku aliyoondoka. Mtalaka mwenyewe hasa, wa leo, alikuwa safarini na bendi, akiziimba nyimbo hizo hizo na kuambiwa kila mahali kwamba anajua kutunga. Alikuwa ameziandikisha kwa jina lake kwenye chama cha wanamuziki. Alisema anapita njia ya huko, naye mwalimu, aliyezitunga, siku hiyo alikuwa na wanafunzi, akamkabidhi bahasha ya nyimbo na kumshukuru. Hilo la kumshukuru ndilo lililokuwa likimchoma zaidi.

Sasa palikuwa na nafasi moja. Kanuni za chama zilisema nyimbo zikiunganishwa kuwa kazi moja isiyokatika, kazi hiyo huandikishwa upya. Kamati ingeisikiliza Jumamosi.

Mwimbaji alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, muuguzi, aliyekuja kutoka zamu na viatu vyake vya wodini. Waliziimba zote tatu mfululizo.

"Mama mdogo, usinikasirikie," alisema mpwa. "Moja moja ni nzuri. Zikifuatana ni kama watu kwenye foleni ya benki. Kila mtu na shida zake."

Mwalimu hakukasirika, kwa sababu ilikuwa kweli. Alianza na maneno. Wimbo wa kwanza ulisema na "wewe", wa pili ulisema "sisi", na wa tatu nao ulisema "sisi": tulichoka, tukaachana. Mtalaka wake ndiye aliyetaka iwe hivyo, ili lawama igawanywe nusu kwa nusu. Alikata "sisi" yote ya wimbo wa tatu na kuweka "yeye". Yeye alichoka. Yeye aliondoka. Sasa "wewe" ikawa "sisi", na "sisi" ikawa "yeye", na msikilizaji angeuona umbali bila kuelezwa.

Kisha sauti. Wimbo wa kwanza do yake, sauti ya nyumbani, ilikuwa G. Wa pili ulitumia noti zile zile ila ulitulia kwenye la, yaani E, kwa hiyo nyumba ilikuwa ile ile na jua halikuingia. Kuvuka kutoka wa kwanza kwenda wa pili kulikuwa rahisi: mkono wa kulia ushikilie G peke yake, mkono wa kushoto ubadilishe sauti za chini, na G iliyokuwa mwenye nyumba ijikute mpangaji. Wimbo wa tatu ndio uliogoma. Ulikuwa umeandikwa huzuni yake ikitulia kwenye D, na G ilifika pale kama mgeni asiyealikwa. Aliushusha hatua moja nzima hadi C. G ikaingia bila kelele, na koo la mpwa likapona.

Bado kitu kilikosekana. Mwisho ulifika na hapakuwa na mtu aliyeusubiri.

Siku ya Alhamisi alitoa karatasi ya kwanza kabisa, ya siku waliyokutana kwenye chumba cha mazoezi. Sauti nne za mwanzo zilisomeka so, do, re, mi. Aliinua karatasi dirishani akaona alama ya ufutio. Chini ya mi palikuwa na fa.

Alikumbuka. Kijana wa shati la kuazima alikuwa amemwomba penseli yenye ufutio, akafuta fa aliyoiandika mwalimu, akaandika mi, akasema, "Hivi ni vizuri zaidi." Mwalimu alikuwa amecheka. Nyumbani alisimulia kwamba amekutana na mtu anayeujua muziki.

Lakini fa, iliyo juu tu ya mi, hutaka kushuka. Ukiiacha juu, masikio yanabaki yakidai, na dai hilo ndilo lingevuta nyimbo zote tatu hadi mwisho. Mi ilikuwa imelipoza mwanzoni kabisa. Tena fa ya wimbo wa kwanza ilikuwa C, na C ndiyo iliyokuwa sasa nyumbani kwa wimbo wa tatu. Kumbe kuachana kulikuwemo kwenye kukutana, na kulikuwa kumefutwa kwa ufutio wake mwenyewe. Mwalimu aliketi pale na hasira iliyomfanya asikie meno yake yakisagana. Akairudisha fa. Mwishoni kabisa, mwimbaji akiwa amenyamaza, aliandika kinanda kirudie sauti nne za mwanzo peke yake, kisha C ishuke polepole hadi B, mi ya nyumba ya kwanza.

Walipoupiga wote, hapakuwa na kimya kati ya wimbo na wimbo, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa mwanamume kurudi kabatini. Wote watatu walibaki kwenye kochi, wamebanana. Mwalimu alikuwa na tumaini moja: yule kijana akiusikia mwisho, ataona aibu.

"Umesikia?" alimwuliza.

"Nimesikia, dada," kijana alisema kwa adabu. Kwake kila mara ilikuwa siku ya kwanza. "Ila pale mwanzo ingekuwa mi."

"Nimemwambia miaka mingi," alisema wa gazeti.

"Na pale ni 'sisi'," alisema wa sanduku. "Anapenda kuonewa huyu."

Mpwa aliwapa maji, kwa kuwa walikuwa wageni.

Jumamosi walitokea kwenye stoo ya viti ya ukumbi wa chama, mmoja baada ya mwingine, wakaketi safu ya mbele. Mpwa aliiimba fa na kuiacha juu. Wajumbe wa kamati waliinama mbele na hawakuegemea tena hadi kinanda kilipoishusha, mwishoni. Mmoja alifuta macho. Katibu alichukua fomu, akauliza mtunzi ni nani.

Wanaume watatu waliinua mikono, wakataja jina moja.

"Mtunzi ni mama mdogo," alisema mpwa. "Huyo hapo kwenye kinanda."

Katibu alitazama safu ya mbele, akatazama rejista ya zamani, akaona jina ni lile lile.

"Dada, hawa ni watu watatu na wanasema kitu kimoja," alisema. "Wewe una shahidi mmoja, tena ndugu yako."

"Hao ni mtu mmoja," alisema mwalimu.

"Basi saini moja inatosha," alisema katibu, akaandika jina hilo kwenye nafasi ya mtunzi. Kwa mwalimu aliandika: mpiga kinanda.

Walimchagua kijana asaini, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alipopita karibu na kinanda alisimama. Alikuwa na uso ule ule mwema, na mwalimu alitamani kumbana vidole kwa kifuniko cha kinanda.

"Umepiga vizuri sana," alisema. "Samahani, dada, jina lako nani?"

Mwalimu alimtajia jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, polepole, kama mtu anayeandikisha mtoto shule.

Kijana alisema ni jina zuri, akaenda kutia saini.