Kobe Ndani ya Duka la Cherehani

Injinia alikuwa na tabia moja ambayo karakana nzima ilishaizoea, kama watu wanavyozoea mlango unaolia: kompyuta ikigoma, kwanza anatafuta mtu wa kumlaumu, halafu ndiyo anatafuta kosa. Mwenyewe alijijua. Alikuwa akisema kwamba kama kulaumu kungekuwa fani, yeye angeshakuwa profesa mwenye joho, na wanafunzi wangempigia makofi akiingia.

Asubuhi hiyo alikuwa na sababu nzuri ya kutaka mambo yaende. Mezani pake, kati ya bisibisi na kikombe cha chai iliyopoa, kilikaa kisanduku cha umeme cha mashine ya kutunzia watoto njiti. Mashine yenyewe ilisimama kando, kioo chake kikifutwafutwa na Sista, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga, ambaye aliileta mwenyewe kwa gari la hospitali na kuapa kwamba haondoki bila hiyo. Wodini mwake palikuwa na mapacha waliolazwa ndani ya mashine moja, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, wakisubiri hii ya pili.

Ubovu wenyewe ulishajulikana. Kuna kipima joto kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi ya mtoto. Kikibanduka, mashine inasoma ubaridi wa hewa, inadhani mtoto anapoa, basi inapasha na kupasha. Inamwoka, kwa kifupi, na kengele kimya. Injinia alishaandika mistari michache ya programu kuwa dawa yake: joto likishuka haraka kuliko mwili wa binadamu unavyoweza kupoa, zima kipasha, piga kengele. Kilichobaki ni kuikabidhi mistari hiyo kwa kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa lugha ya chipu, kisha kuyamimina kwenye kisanduku.

"Dakika si nyingi, Sista," alisema, akabonyeza.

Kompaila haikuanza hata kukohoa. Ilitema maneno mekundu: imeshindwa kuifikia seva ya leseni.

Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba kitufe kilikuwa hakijasikia. Maneno yaleyale.

"Ni nini?" Sista akauliza bila kugeuka.

"Hawa watu," Injinia akasema. "Kompaila hii ni ya kununua. Kila ikiamka lazima ikaombe ruhusa kwa kompyuta inayotunza leseni, ndiyo ifanye kazi. Sasa naona leseni imeisha na hawakutuambia. Mambo ya biashara, Sista. Wanasubiri ukiwa na shida ndiyo wakukabe."

"Imeandika imeisha?"

"Imeandika haifikiki. Ni lugha yao ya adabu."

Hapo akaita, "Wewe, mwanangu, mtandao wako umefanya nini?"

Aliyeitwa alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, msimamizi wa mtandao wa karakana. Alikuja na kompyuta yake mkononi, taratibu, maana alishamzoea mjomba kuliko anavyomzoea mtu yeyote kazini.

"Shikamoo Mjomba. Mtandao mzima. Simu ya Sista hapo inaingia mtandaoni bila taabu."

"Marahaba. Basi ni wao. Nimeshawaandikia barua pepe."

"Umeandika nini?"

Injinia alisita. Aliandika kwamba katika maisha yake yote ya kuhangaika karakana hadi karakana hajawahi kuona wauzaji wasio na haya namna hiyo. Aliandika pia neno "unyang'anyi". Alikuwa amelipenda alipoliandika.

"Nimeandika tu kuuliza," alisema.

"Kwa nini usitumie kompaila ya bure? Iko kwenye mashine yangu."

"Ingejenga, ndiyo. Lakini mashine hii ilipimwa na kupewa cheti ikiwa na programu iliyojengwa kwa kompaila hii hii, toleo hili hili. Nikibadilisha, chipu itafanya mambo kwa mwendo mwingine kidogo, na lazima tuanze vipimo vyote upya. Huko ni wiki na wiki."

"Mapacha hawana wiki na wiki," Sista akasema. Aliacha kufuta kioo.

Injinia alihisi uso unampata joto, na hapakuwa na kengele ya kumsaidia. Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa wakala wa kampuni ya kompaila, mtu mwenye sauti ya upole iliyomkera zaidi. Injinia akaiweka simu mezani ikiwa na sauti ya juu ili wote wasikie jinsi atakavyomshughulikia.

"Habari za kazi, Injinia. Nimesoma barua yako. Yote."

"Nzuri. Enhe."

"Leseni yenu bado hai, mpaka mwakani. Nimeitazama hapa. Nilitaka kuuliza jambo dogo tu. Hiyo leseni imefungwa kwenye namba ya kadi ya mtandao ya kompyuta moja hapo kwenu, haifanyi kazi kwingine kokote. Inaitwa Kobe. Kobe amewashwa?"

Injinia aliinama akatazama chini ya meza yake.

Kobe alimjua vizuri. Kobe alikuwa lile sanduku la kijivu lililokaa chini ya meza yake miaka na miaka, halina kioo, halina kibodi, likivuma taratibu kama mtu anayeota. Juma lililopita alipata kiti kipya cha kuegemea, miguu yake ikawa inagonga sanduku lile kila akijinyoosha. Likamchosha. Juu yake palikuwa na karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kwa herufi kubwa USIZIME, na Injinia aliitazama karatasi ile akajiuliza ni mpumbavu gani aliyeandika hivyo bila kusema kwa nini. Mwandiko ulikuwa wake. Hilo nalo aliliona, lakini akajiambia binadamu hubadilika. Akaomba ruhusa ya kutoa takataka ofisini, akapewa, akabandua karatasi, akampelekea mke wake sanduku lile kwenye duka lake la kushona, kama zawadi. Na kwa kuwa juma zima kazi ilikuwa kuchomelea na kupima nyaya, hakuna aliyeita kompaila hadi leo.

"Injinia, upo?" sauti ya upole ikauliza.

"Nipo. Tunamwangalia Kobe sasa hivi. Ile barua yangu, ndugu, usiisome mara ya pili."

"Nilishawasomea wenzangu," wakala akasema. "Kazi njema."

Mpwa alikuwa ameuma midomo, mabega yanamtikisika.

"Cheka tu, mwanangu. Usije ukapasuka."

"Mjomba, leseni ya karakana ulimhonga mkeo?"

"Chukua waya wa mtandao, mimi nabeba laptop yenye kompaila. Twende. Sista, tunarudi."

"Nakuja na nyie," Sista akasema. "Nikibaki hapa kufuta kioo, unaweza kuligawa na hilo gari langu."

Duka la mke wa Injinia lilikuwa kona ya pili, chumba kimoja cha vitambaa vilivyokunjwa hadi darini, na cherehani mbili zinazotazamana. Katikati, juu ya meza ya kukatia, Kobe alikuwa amewekewa kioo cha mtumba na kufunikwa kitambaa cha maua. Alikuwa akionyesha video ya mwanamke anayekata kola. Mke wa Injinia alikata naye hatua kwa hatua, mkasi mkononi, na mteja ameketi pembeni akisubiri gauni.

"Baba Watoto, leo umetoka mapema," alisema bila kuinua macho.

"Mama Watoto, ile kompyuta. Ina kazi kidogo ofisini. Naomba niichukue, nitairudisha."

"Ipi? Zawadi yangu?"

"Hiyo hiyo."

"Zawadi haichukuliwi. Na nikikatiza hapa, kola hii imekufa na kitambaa si changu, ni cha huyu mama."

"Kitambaa changu," mteja akakubali.

Injinia akaanza kueleza habari ya leseni, na kadi, na namba ya kadi, mikono ikipaa. Mke wake akamsikiliza kama anavyosikiliza redio. Sista ndiye aliyesogea mbele.

"Dada, samahani. Nina mapacha kwenye mashine moja. Ya pili inasubiri kitu kilichomo humu."

Mkasi ukasimama.

"Kwa nini hukuanza na hilo?" mke akamwuliza mumewe. Injinia maisha yake yote alikuwa akianzia na kadi.

"Wala hatuhitaji kumhamisha Kobe, anti," mpwa akasema. Alikuwa tayari amepiga magoti nyuma ya meza, kitambaa cha maua kichwani kama kilemba. "Intaneti ya video anaivuta kwa kidude cha pembeni. Tundu lake la waya liko wazi, na kadi ya leseni ndiyo hiyo. Endelea na kola yako. Mjomba, lete laptop."

Akachomeka ncha moja kwa Kobe, nyingine kwenye laptop, akaipa laptop anwani ya mtandao ya ukoo mmoja na ya Kobe. Injinia akabonyeza. Maneno mekundu.

"Subiri," mpwa akasema. "Kobe ameona waya mgeni akafunga milango. Ana milango miwili ya kufungua: mmoja wa programu bawabu inayopokea maombi ya leseni, mwingine wa programu ya kampuni inayotoa ruhusa yenyewe." Akaomba kibodi, akaandika pembeni ya kola inayokatwa. "Maskini. Tazama hapa, Mjomba. Tangu ulipomwasha dukani, kila asubuhi anaamka anafungua ofisi ya leseni. Juma zima anasubiri mteja kati ya cherehani."

"Amenizidi uaminifu," Injinia akasema. "Niseme tena nini."

Akabonyeza. Safari hii kompaila ikaanza, ikaanza kweli, mistari ikashuka kama mtu anayetema maganda, hadi mwisho, hakuna kosa hata moja. Kwenye kioo cha Kobe, mwanamke wa video alikuwa akigeuza kola. Mke wa Injinia akageuza yake. Mteja akapiga makofi, haikujulikana ni kwa ajili ya nani.

Walirudi karakana karibu wanakimbia. Injinia akamimina programu kwenye kisanduku, akakifunga mahali pake, akasogea nyuma mikono mgongoni. Pale karakana palikuwa na desturi: aliyeandika hagusi siku ya jaribio. Anayepokea ndiye anayejaribu.

Sista akakibandika kipima joto kwenye mkono wake mwenyewe, akaingiza mkono kwenye tundu la mashine, akasubiri mpaka namba ikatulia. Kisha, bila kumwambia mtu, akakibandua.

Namba ikaporomoka. Taa ya kipasha ikazima. Kengele ikalia kwa kelele iliyowatoa watu wa chumba cha pili.

Sista hakuizima upesi. Aliiacha ilie, akimtazama Injinia. Aliirudia mara nyingine, na nyingine, kila mara akibandua kwa namna tofauti, ghafla, polepole, kwa kuuvuta waya. Kila mara ikalia. Mwishowe akatia saini, wakasaidiana kuipandisha garini, naye akaifunga kamba mwenyewe.

Alipokwisha kukaa akateremsha kioo.

"Injinia. Siku nyingine ukitaka kutoa kitu chini ya meza, nipigie kwanza."

"Nitapiga, Sista."

"Hata kama ni ndala."

Gari likaondoka. Mpwa alibaki amesimama naye barabarani, waya wa mtandao umening'inia shingoni.

"Na Kobe, Mjomba? Kesho tuna mashine nyingine mbili za kujenga."

Injinia akafikiri kuhusu mke wake na ule mkasi.

"Kesho," akasema, "tutafungua ofisi dukani kwa mke wangu. Ukifika, usalimie kabla ya kuchomeka."