Sekunde Kumi za Jibu

Sauti ya Domitille ilijulikana kuliko uso wake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipokea simu katika ofisi ya kusafirisha mizigo ya Patron Ézéchiel, pale mtaa wa Naviundu, na wateja waliomkuta sokoni walishtuka akisalimia: "Kumbe ni wewe, Mama wa Simu!"

Tangu vita vilipofunga njia ya Bukavu, simu zilikuwa za namna moja. Mzigo wangu uko wapi? Siku ya Jumatatu Domitille alipiga kistari kimoja kwenye daftari kwa kila aliyeuliza hivyo, na kufika saa sita ukurasa ulikuwa umejaa. Kila mmoja alimjibu kama Patron alivyoagiza: "Uko njiani, mama. Uko njiani, papa."

Ndipo Patron akamleta Ramla, binti anayetengeneza video, ili simu zipungue. Ramla alikuja na kamera ndogo na karatasi moja yenye mistari, akaibandika ukutani. Domitille aliisogelea, akavaa miwani.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Ni kiolezo, mama. Kila video itafuata hii. Dakika moja, haizidi. Sekunde tano za kwanza, swali, kwa maneno ya mteja mwenyewe. Sekunde kumi, jibu. Thelathini, mambo matatu ya kufanya, kila moja kumi. Kumi tena, kama imeshindikana afanye nini. Tano za mwisho, namba yetu ya simu, imetulia, mutu aandike."

"Na mwenye maneno mengi?"

"Atafute machache." Ramla alicheka. "Hapa bantu wananunua mega za intaneti kidogo kidogo, video nzito haifunguki. Halafu picha zikikaa pale pale, kesho naondoa sauti yako naweka ya Kifaransa ama ya Kibemba, bila kupiga picha upya."

Domitille alilipenda jambo hilo. Ilikuwa kama sahani za shule: kila chakula na shimo lake. Alihesabu kwa vidole akagundua kwamba sekunde kumi, kwa mtu asiyekimbia, ni maneno kama ishirini. Video ya kwanza, ya kupakia chupa zisivunjike, ilikwenda vizuri. Ya pili, ya risiti iliyopotea, pia. Ya tatu ndiyo ilikuwa ile ya swali la daftari.

Patron aliandika jibu mwenyewe: *Mzigo wako uko njiani, uko salama. Tunaomba uvumilivu.* Domitille alilisoma mbele ya kinasa sauti. Zikabaki sekunde tano tupu. Akasoma polepole, zikabaki tatu.

"Na mambo matatu ya kufanya?" Ramla aliuliza, kalamu mkononi.

Patron alikuna kidevu. "Andika: vumilia. Ya pili, usiamini uvumi. Ya tatu..." Akatafuta darini. "Ya tatu, endelea kutuamini."

Ramla aliandika, lakini uso wake haukukubali. "Patron, mimi napiga picha mikono ikifanya kitu. Kuvumilia, mikono inafanya nini?"

"Inakaa magotini," alisema Patron, na wote watatu wakacheka, kicheko kilichokwisha upesi.

Ramla alikuwa na sheria moja zaidi: video haitoki mpaka mteja asiyeijua aione mara moja tu, kisha aseme atafanya nini. Siku hiyo aliyekuwa kwenye benchi ni Mama Mwajuma, mke wa Asumani, fundi viatu. Kila baada ya siku tatu alikuja kuulizia mzigo wake, na kila mara alimletea Domitille kitu. Leo ni kitumbua kwenye karatasi. Mzigo wenyewe ulikuwa viatu viwili vidogo vilivyounganishwa na chuma, vya mjukuu wake Zakari wa Bukavu, aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Daktari alikuwa amezinyoosha kwa plasta, na sasa lazima alale na viatu hivyo, la sivyo zitarudi kupinda. Asumani alikuwa amevishona kwa vipimo vya mwezi wa tatu. Sasa ulikuwa mwezi wa tano.

Mwajuma aliishika simu kwa mikono miwili, akaangalia dakika nzima bila kupepesa.

"Haya mama," Ramla alisema, "utafanya nini?"

"Nitakaa."

"Utakaa?"

"Si munasema iko njiani? Basi nitakaa." Akamrudishia simu kwa adabu, kisha akauliza, si kwa hasira, kwa kutaka kujua tu: "Lakini njiani ni wapi, banangu? Maana binti yangu naye alikuwa njiani. Amekimbia Bukavu na Zakari mgongoni, leo juma la pili iko Kalemie, kwa shangazi yake. Yeye mwenye miguu miwili amefika. Viatu vinashindwa na nini?"

Domitille aliweka kitumbua mezani. Alijua mizigo yote ya Bukavu ilikuwa wapi. Ilikuwa Kalemie, kwenye depo, ghala lao la huko, kwa majuma saba sasa. Mara ngapi alikuwa amemjibu mama huyu, na hakumuuliza hata siku moja binti yuko wapi?

"Patron," alisema, "tutoke kidogo."

Uani, Patron alitangulia kusema. "Najua. Lakini nikitangaza depo, wezi watakuja. Wenye bunduki watakuja. Baba yangu alipoteza duka zima Butembo kwa mdomo wa mutu mumoja."

"Pole, Patron. Lakini wezi wa Kalemie wanaijua depo ile tangu zamani. Tuliowaficha ni wenye mizigo peke yao." Kisha akaongeza: "Na sauti ni yangu. Nikitoka hapa watu watanijua kwa hiyo tu."

Patron alitazama magurudumu ya lori lililosimama tangu Pasaka. "Depo haitatajwa kwenye video," alisema mwishowe. "Watapiga simu, utawaambia wewe."

"Nitawaambia mimi."

Mwajuma aliondoka na anwani ya depo kwenye kikaratasi, na jioni video ikasomwa upya. *Mizigo ya Bukavu imekwama Kalemie. Haiendi mbele. Barabara itafunguka lini, hatujui. Lakini mtu wako akiwa Kalemie, anaweza kuchukua mzigo huko.* Sekunde kumi zilijaa. Na mikono ikapata kazi: mkono unaopiga simu kutaja jina la mpokeaji, mkono unaompelekea picha ya risiti, mkono unaoonyesha kitambulisho, ile kadi ya uchaguzi, kwa mtunza mizigo. Kwa asiye na mtu Kalemie: mzigo wako utatunzwa, na kila Alhamisi tutakuambia tunachokijua. Ramla aliiweka sauti chini ya picha, ikaingia bila kukatwa.

Simu hazikupungua, ziliongezeka. Kuna waliotukana, nao Domitille aliwasikiliza mpaka mwisho. Wengine walitaja majina, akayaandika.

Siku ya tano Mwajuma alikuja bila kuuliza kitu, akakaa benchi akipumua. Binti yake alikuwa amefika depo, alisimulia, na mtunzaji, Adalbert fulani, alipoona ni viatu vya mtoto alipindua kreti la sabuni wakakalia, akashika taa wakati wanajaribu.

Domitille aliogopa kuuliza, akauliza. "Vimeingia?"

"Vimeingia. Mukanda umefungwa tundu la mwisho kabisa." Mwajuma alionyesha kwa kucha. "Juma moja zaidi, visingeingia. Asumani anakata vingine. Safari hii nimwambie apeleke wapi?"

Domitille alivuta daftari karibu. "Keti vizuri, mama. Tuanze na huyo mutoto atalala wapi."