Namba mbili kwenye karatasi ya meli

Alhamisi ile Odile alikuwa anapepeta mchele uani, kule mtaa wa Mikelenge, Gérard alipoingia na kofia yake ya kazi mkononi. Mumewe alikuwa karani wa tikiti kwenye kiwanja cha ndege cha Kindu, na kofia ile hakuivua kamwe kabla ya kukaa.

"Mama Félicien, greve imepita, tunagoma. Sendika yetu ya wafanyakazi imewaandikia wakubwa barua. Toka Jumatatu hakuna mutu kugusa kazi. Wabeba mizigo, watia mafuta, na sisi makarani."

"Mpaka lini?"

"Mungu tu njo anajua."

"Basi utapumzika kidogo nyumbani."

Gérard hakusikia. Aliketi, akaangalia chini, akasema, "Scholastique iko na ndege ya Jumanne."

Jina lile. Wiki ile Odile alikuwa amelisikia mara saba, na mara zote saba alikuwa anazikumbuka, siku na saa. Scholastique alikuwa msaidizi wa wakunga pale hospitali. Alhamisi ijayo alitakiwa kufanya mtihani Stanleyville. Akiukosa, angengoja mwaka mzima. Yeye na Gérard walitoka misheni moja, kule Kalima, na wakikutana waliongea Kifaransa mbio mbio na kucheka. Odile, aliyesoma miaka mitatu tu kwa Masista, alibaki anaokota neno moja moja kama kuku nyuma ya kinu.

"Ndege ya Jumamosi imejaa," Gérard aliendelea. "Kila mutu anaikimbilia. Nimemuandika kwenye orodha ya kungojea, lakini yeye ni wa tisa. Afazali meli ya Siku ya Mungu. Jumanne iko Ponthierville, Jumatano anapanda treni, jioni anaingia Stanleyville."

"Na tikiti ya ndege, airudishe?"

"Hapana! Akiirudisha sasa, njo yeye mwenyewe amekataa safari. Akitaka kiti siku ingine, anaanza upya nyuma ya watu wote. Angojee kampuni ifute. Kampuni ikifuta yenyewe, kiti kinabaki haki yake. Wanagonga kashe, ule muhuri wao, wanamubadilishia, hata iwe ya kurudi. Wanapiga telegramu, anakuta kiti chake kule. Tikiti yake niko nayo, na ya meli mimi njo nitamununulia."

Odile aliweka ungo chini. "Na abiria wengine, umewafuata wote nyumbani kuwaelezea hivi?"

"Wote wanajua. Mzee Hamadi nimemwambia njiani."

"Njiani. Na huyu?"

Gérard aliomba maji ya kunywa.

Jumamosi, Odile alichukua shati la mumewe kulifua. Mfukoni mlikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa tikiti ya ndege, yenye jina la Scholastique. Ya pili ilikuwa ya meli, jina lile lile, na kando ya jina, kwa wino mweusi, namba mbili.

Akaisoma tena. Mbili. Namba haikumshinda. Watu wawili, basi. Scholastique na nani? Na ni nani Kindu nzima ambaye toka Jumatatu hatakuwa na kazi, na hakuna bwana atakayeuliza yuko wapi?

Alisimama na shati begani. Halafu akarudisha tikiti ya ndege mfukoni, shati akalitundika bila kulifua. Ile ya meli aliikunja mara nne, akaiingiza ndani ya kitabu chake cha sala. Tikiti ya ndege ni ya kiti kimoja. Aende nayo peke yake. Alijua vizuri kwamba ndege ile haitaruka. Jioni alisali rozari, vidole vikatembea kwenye shanga, lakini moyo ulikuwa melini, unahesabu watu.

Kesho yake, Siku ya Mungu, baada ya misa ya kwanza, Gérard alipindua nyumba nzima. Alifungua sanduku la nguo, akainua mkeka, akatikisa viatu. Scholastique akatokea mlangoni na sanduku lake, amejifunga kitambaa cha safari.

"Shemeji Odile, habari ya asubui? Kaka Gérard, meli inatoka saa ine. Karatasi iko wapi?"

"Sijue! Nilikuwa nayo mfukoni!"

"Shemeji, hukuiona?"

"Karatasi gani?" Odile aliuliza, kitabu cha sala kikiwa kwapani. "Ile ya watu wawili?"

Gérard aliweka chini kiatu alichokuwa anakitikisa.

"Watu wawili gani?" Gérard akasema.

"Namba mbili. Nimeisoma. Hata mimi nilipita shuleni."

Scholastique alimtazama, akamtazama Gérard, akapasuka kicheko mpaka akashika mlango. "Yo! Mbili ni daraja ya pili, shemeji! Daraja ya kwanza ni ya Wazungu. Ulizani naenda na nani? Na huyu? Huyu anaogopa maji hata ya kuoga!"

Gérard hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona kitu kinamponyoka. Odile aliupima uso ule kwa makini: ulikuwa unaogopea mtihani, au mwanamke? Hakuweza kujua. Meli ikapiga honi mtoni. Akafungua kitabu cha sala, akatoa karatasi.

Walikwenda bandarini watatu. Kwenye ubao wa kupandia, Scholastique alipokea tikiti ya ndege toka kwa Gérard, akampa Odile.

"Shika weye. Jumanne, kampuni ikifuta, wakugongee kashe."

"Mimi? Na bwana yangu?"

"Jumanne akiingia ofisini, wenzake watasema amevunja greve. Na mimi nitakuwa safarini. Hapo pengine pataitaji mutu mwenye kusoma namba vizuri."

Odile alilimeza neno lile, na lilipita kama mfupa wa samaki.

Jumanne asubuhi alivaa kikwembe chake cha Pasaka. Kwenye lango la kiwanja, wagomaji walikuwa wameketi juu ya mikokoteni ya mizigo, Gérard kati yao. Waliangaliana tu. Ndani, nyuma ya meza, alibaki mkubwa wa Kizungu peke yake, shati limeloa jasho.

"Ndege ya Stanleyville?" alisema kwa Kiswahili chake kigumu. "Bado. Pengine itakuja, pengine hapana. Mama, acha tikiti hapa. Mimi naandika, abiria hataki tena. Wewe unaenda nyumbani."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake. Odile akaona wazi kitakachofuata. Neno moja tu, na Scholastique, akimaliza mtihani, atakwama Stanleyville nyuma ya watu wote, wiki tatu, pengine nne. Wiki nne bila jina lile nyumbani. Na hakuna atakayejua. Mkubwa ndiye ameandika.

Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka.

Halafu akakumbuka kile kicheko mlangoni. Yule mwanamke angerudi siku moja, angeuliza, na angecheka tena. Na Mungu, aliyeona kitabu chake cha sala kimegeuzwa maficho, alikuwa anaona na mkono huu. Akaurudisha.

"Hapana, Bwana. Abiria anataka. Nangoja kampuni ifute."

Alikaa kwenye benchi toka saa mbili mpaka saa tano kasoro. Hatimaye mkubwa alichukua chaki, akapiga mstari juu ya Stanleyville ubaoni, akamwita. Kashe ikagongwa. Odile akaomba kiti kiwe cha kurudi, na mkubwa akaanza kuandika telegramu.

"Kurudi siku gani?"

"Ndege ya kwanza itakayoruka greve ikiisha."

Langoni Gérard aliinuka, akaja mbio. "Wamefuta? Wamegonga?"

Odile alimwonyesha kashe, lakini karatasi hakuiachia.

"Akirudi, mimi njo nitamupokea," alisema. "Weye siku ile utakuwa na kazi. Baki nyuma ya meza yako."