Mstari wa Saba

Tangu wamzike Kajetani, mkewe Aurelia hakuwa amelia hata siku moja. Watu wa Mjimwema walikuwa wameliweka hilo akilini. Wengine walisema ni ujasiri, wengine wakasema mengine, maana midomo ya watu haina kufuli. Ukweli ni kwamba mwanamke yule alikuwa amekufa ganzi. Alipika, alifagia, alikwenda misa ya asubuhi na kurudi. Jumanne moja alishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, akaja kugundua jioni kwamba kidole kimefanya lengelenge.

Kitu kimoja tu alikuwa anakitaka, na hata hicho alikitaka kwa kujua, si kwa kusikia hamu: pikapu itengenezwe. Ndiyo iliyokuwa ikibeba mahindi na maharage kutoka vijijini hadi sokoni Songea. Ndiyo iliyomlisha yeye, binti yake Noela, na mama mkwe wake Notburga. Pikapu ikilala gereji, na nyumba italala. Bahati nzuri Kajetani alikuwa amekata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika. Wenzake walimcheka kwa kutupa hela.

Bibi Notburga yeye alikaa mlangoni tangu asubuhi hadi jua linazama, mikono mapajani. Jumapili ile ya tarehe kumi na nane Julai, kwenye sherehe ya Komunyo ya Kwanza ya mjukuu wake Noela, ni yeye aliyemmiminia mwanawe vikombe viwili vya ulanzi, pombe ya mianzi. Saa mbili baadaye, njiani kwenda Namtumbo, lori lilimjia Kajetani upande wake kwenye kona. Dereva wa lori aliwaambia polisi kwamba mwenye pikapu alichelewa kukwepa. Neno hilo, kuchelewa, lilizunguka mji mzima. Kwenye matanga fundi Osmund, rafiki wa marehemu na msimamizi wa ndoa yake, alisimama akasema mbele ya watu, "Tulikuwa tunamwambia, ukionja usishike usukani." Bibi akaingia ndani, akaupindua mtungi wake wa ulanzi juu chini. Tangu siku hiyo hakuufunua.

Makadirio ya gereji ya Osmund yalikuwa shilingi milioni mbili na laki nne. Kampuni ikamtuma mkadiriaji kutoka Mbeya, akakagua, akapiga picha, akaondoka. Baada ya wiki tatu, Valence wa ofisi ya bima mjini akamwita Aurelia.

"Shikamoo, mama. Pole kwa kuchelewa," alisema kijana huyo, akamsogezea karatasi. "Kampuni iko tayari kulipa milioni moja, laki tatu na themanini na tano elfu."

"Marahaba. Gereji imesema milioni mbili na laki nne."

"Najua, mama."

Mtu mwingine angepiga meza. Aurelia aliuliza tu, "Milioni moja na ushei imekwenda wapi?" kwa sauti ya mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi.

Valence akashukuru Mungu kimoyomoyo, akageuza ripoti ili waione wote wawili. Ilikuwa kwa Kiingereza. Aurelia akaomba penseli, na kila mstari kijana alioueleza, yeye akaandika pembeni kwa Kiswahili.

Madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu: gereji inataka mpya, mkadiriaji anasema hii inanyooshwa na kupakwa rangi, laki moja na themanini imetoka. Matairi mawili ya mbele: yalikuwa yameshaliwa nusu kabla ya ajali, kwa hiyo kampuni inalipa nusu ya bei, themanini elfu imetoka. "Bima inakurudisha pale ulipokuwa, mama, haikusogezi mbele," Valence alisema. Ufundi: gereji imeandika laki sita, kwa saa za kazi hiyo mkadiriaji ameona laki nne zinatosha. Mlango wa nyuma wa bodi: kutu ya zamani, si ya ajali hii, laki mbili na ishirini imetoka. Kisha ule mstari wa saba: tairodi endi mbili, vile vichwa vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele. Zimechakaa kabla ya ajali. Themanini na tano elfu imeombwa, inalipwa sifuri.

"Hapo inabaki milioni moja, laki sita na thelathini na tano. Ukitoa laki mbili na nusu za kwanza, ambazo kwa mkataba wenu mwenye gari anabeba mwenyewe katika kila ajali, unapata hiyo."

"Nisaini wapi?"

Valence akaweka mkono wake juu ya fomu. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni, lakini alikuwa pia mtoto wa mtu. "Usisaini leo. Hii ukisaini umekiri kwamba madai yameisha, huwezi kurudi tena. Nenda nayo nyumbani. Mstari usiokubaliana nao, lete ushahidi: risiti, picha, maelezo ya fundi. Jumla usiibishie, haina masikio. Bisha mstari kwa mstari. Nitamwomba mkadiriaji arudi, mkague pamoja na fundi wako."

Osmund alipooneshwa ripoti gereji, alifoka. "Wezi hawa, shemeji! Bima ilipokuwa ya serikali walikula hela za serikali, sasa ni ya watu binafsi wanakula za wajane. Madigadi hii inyooshwe na nani?" Alibishia madigadi, akabishia ufundi, mate yakiruka. Alipofika mstari wa saba akaupita.

"Na huu?" Aurelia akauliza.

"Hiyo ndogo. Iache, tusionekane tuna tamaa."

Mtu mwenye uchungu wake angeiacha. Ganzi ina faida yake moja: haichoki wala haioni haya. Aurelia alikuwa ameambiwa mstari kwa mstari, na mstari wa saba ulikuwa mstari. Alirudi nyumbani akateremsha bati la biskuti ambamo Kajetani alikuwa akitunza karatasi za gari, akapekua moja moja. Risiti aliyoitafuta ilikuwa karibu na juu, ina mhuri wa gereji ya Osmund, ya tarehe tano Julai: tairodi endi mpya mbili na kuzifunga, shilingi tisini na tano elfu, zimepokelewa. Siku kumi na tatu kabla ya ajali. Kitu cha siku kumi na tatu hakiwezi kuwa kimechakaa. Akasema peke yake, bila furaha, kwamba themanini na tano zimepatikana.

Mkadiriaji alirudi Alhamisi. Bwana Anord aliitwa, mtu mfupi, mpole, mwenye tochi na kitambaa mfukoni. Walisimama wanne gereji: yeye, Valence, Aurelia na Osmund. Madigadi aliizunguka, akaingiza vidole nyuma yake, akakuta bati limechanika pale linaposhikiliwa na boliti. "Hii sikuiona mara ya kwanza. Hainyoosheki. Fundi ana haki, nairudisha." Ufundi akakataa. Mlango wa nyuma akakwangua kutu kwa ukucha, na hapo hata Osmund akakubali.

"Kuna na mstari wa saba," Aurelia akasema, akatoa risiti.

Anord akaisoma. Akaisoma tena. Akalala chali chini ya pikapu na tochi yake, akafuta kwa kitambaa, akamwita Valence ainame aone. "Grisi imekauka mpaka imekuwa udongo. Raba imepasuka siku nyingi. Shika hapa, utikise. Unaona inavyocheza?" Akatoka chini, akajipangusa vumbi, na maneno aliyosema hakumwambia Osmund, alimwambia Aurelia. "Mama, kilichoandikwa kwenye risiti hii hakimo kwenye gari hili. Hakijawahi kufungwa."

Gereji nzima ilisikia. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na hapa nguo yenyewe ilikuwa ovaroli ya msimamizi wa ndoa.

"Gari lenye hii linakuwaje?" Aurelia aliuliza.

"Barabara nyooka huwezi kujua sana. Lakini ukikata usukani ghafla, magurudumu yanasikia baadaye." Akazima tochi. "Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Lori lilikuwa upande wake, hilo polisi wameliandika. Ila dereva anaweza kukata kwa wakati, na gari likachelewa."

Aurelia akamgeukia Osmund. Hakuwa na hasira, hata yeye alishangaa kwamba hakuwa nayo. "Zilikwenda wapi?"

Fundi alikuwa anatazama mikono yake. "Kuna mteja wa Tunduru alikwama, shemeji, analia ana mgonjwa. Nikamfungia zile. Nikamwambia Kaje tayari, ili asinisumbue. Nilikuwa nimfungie zake zikija. Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Tarehe kumi na tisa."

Siku moja tu baada ya ajali. Na mtu huyu, jamani, ndiye aliyesimama matangani akawapa watu habari ya ulanzi ya kutafuna, bibi kizee akisikia.

Anord akauliza kwa upole kama anaweza kuchukua nakala ya risiti. Haitaongeza senti, alisema, kwa sababu kilichochakaa kimechakaa. Lakini mtu wa makao makuu akisoma mstari wa saba anaweza kuuliza kwa nini gari bovu lilitembezwa barabarani, na hilo linaweza kuwazuia kulipa kabisa. Risiti inaonesha mwenye gari alilipa litengenezwe. "Inamlinda marehemu. Jina la gereji litaingia kwenye jalada, lakini."

"Liingie," Aurelia akasema.

Wiki iliyofuata alisaini milioni moja, laki tano na sitini na tano elfu. Ilikuwa pungufu bado, na alijua pungufu hiyo ni ya nini, shilingi kwa shilingi. Mlango wa nyuma utafungwa kwa kamba. Matairi atanunua yaliyotumika. Aliomba hundi iandikwe kwa jina lake, si la gereji, Valence akamkubalia, na pikapu ikavutwa hadi kwa fundi mwingine. Osmund alisimama pembeni akiangalia inavyoondoka, asithubutu hata kusaidia kusukuma.

Jioni hiyo Aurelia alikaa kizingitini karibu na mama mkwe wake, nakala ya ripoti magotini.

"Mama, nikusomee kitu."

Bibi akamgeuzia sikio.

Akamsomea maandishi yake ya penseli, yale ya pembeni, kisha akaeleza tairodi ni nini kwa kushika vidole vyake viwili na kuvilegeza. Akamwambia habari ya mteja wa Tunduru na ya Jumatatu. Akamwambia alivyosema mtu wa Mbeya, na hakuongeza chumvi: kwamba haapi, lakini huenda mwanao hakuchelewa, gari ndilo lililochelewa.

Bibi Notburga akatenga kidole gumba na cha shahada, akapima hewani kina cha kikombe.

"Vilikuwa vikombe viwili tu," akasema. "Vidogo. Vile vya bluu."

"Najua, Mama. Nilikuwepo."

"Soma tena pale."

Akasoma tena. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akashika mlango, akasimama, akaingia jikoni. Aurelia akasikia mtungi ukigeuzwa, ukikaa vizuri kwenye kata yake ya majani.

Ndipo kidole alichokiunguza Jumanne ile, ambacho lengelenge lake lilishakauka bila yeye kusikia maumivu, kilipoanza kumuuma. Kilimuuma kweli kweli, akakiweka mdomoni kama mtoto, na machozi yakaanza kumtoka.